Kengele, Saa na Maswali ya Nyongeza: Siku ya Marudio Imepata Mchezo Wake!

Nimetoka darasani sasa hivi, sauti imenikauka, na lazima niandike kabla furaha haijapoa. Leo nimejaribu kwa mara ya kwanza chemsha bongo ya timu kwa marudio ya baiolojia, kidato cha nne, na sijapata kuona wanafunzi wakigombania ini na figo namna hii!

Mtindo wenyewe ni ule wa University Challenge, mashindano ya vyuo yaliyoanza kwenye televisheni ya Uingereza mwaka 1962. Swali la kufungulia lina alama 10, kila mtu anajibu peke yake, anayewahi kugonga ndiye anayesema. Timu ikipata, inapewa maswali matatu ya nyongeza, alama 5 kila moja, na hapo ruksa kushauriana. Ukikatiza swali kisha ukakosea, unapoteza 5.

Utamu wote uko kwenye kuliandika swali la kufungulia. Linaanza na dokezo gumu na kushuka hadi jepesi. Sikilizeni hili: "Kiungo hiki hugeuza asidi amino zilizozidi kuwa urea, huhifadhi glukosi ikiwa glikojeni, na hutengeneza nyongo." Nilipotamka tu "urea", debe la timu moja likalia: "Figo!" Kosa! Urea hutengenezwa kwenye ini. Figo huichuja tu kutoka kwenye damu. Nimepambana na mkanganyiko huo muhula mzima, nao umefichuka kwa sekunde nne!

Timu ya pili ikasubiri hadi mwisho, ikasema ini, ikapata nyongeza zinazofuata uzi uleule: nyongo huhifadhiwa wapi? Humwagwa sehemu gani ya utumbo? Husaidia kumeng'enya nini? Kifuko cha nyongo, duodeni, mafuta. Niliwapa sekunde 15 kwa kila moja, na katika sekunde hizo nikawasikia wakifundishana kwa kunong'ona. Hapo ndipo marudio yanapofanyika hasa, maana kengele peke yake humpa nafasi mwenye mkono mwepesi tu.

Timu zilikuwa nne, watu watano watano: moja ina debe, nyingine filimbi, nyingine chupa na kijiko, nyingine kengele ya baiskeli. Sauti zisifanane, ama sivyo utabishaniwa kila mara nani aliwahi. Raundi ya dakika 8, kwa saa ya simu, ilimeza maswali sita ya kufungulia pamoja na nyongeza zake.

Raundi ya kwanza kijana mmoja alijibu karibu yote, wenzake wakakunja mikono. Raundi ya pili nikaweka sharti: ukipata la kufungulia, hugongi tena mpaka wenzako wawili wapate. Loo! Binti aliyekuwa kimya tangu asubuhi akapiga filimbi kwenye osmosisi, akapatia, na timu yake ikasimama juu ya madawati!

Nyongeza zilizokosewa zimebaki ubaoni, saba kwa jumla. Kesho zinarudi kama maswali ya kufungulia.