Simu Inayojua Nilipoishia: Siku 4 za Kwanza

Imelia! Saa 3:00 kamili asubuhi simu imetetema kwenye mfuko wa aproni, nimeitoa, na kwenye kioo yamesomeka maneno haya: "Mkono wa kushoto upo meza ya pasi. Bana pini kuanzia bega." Sikukaa kuwaza jana niliishia wapi. Niligeuka, mkono wa gauni ulikuwa pale pale mezani, na dakika 2 hazijaisha cherehani ilikuwa inanguruma. Leo ni siku ya 4 tu tangu nianze mpango huu, nami siwezi kungoja mwezi uishe ndipo niusimulie!

Nashona Ubungo, kwenye chumba cha mbele ambacho honi za Barabara ya Morogoro zinaingia bila hodi. Kuigawa siku vipande, saa fulani kukata, saa fulani kushona, si jambo geni kwangu. Ratiba ya karatasi ilikaa ukutani miezi mingi. Shida ni kwamba karatasi haisemi kitu. Nainama kwenye mashine, nainua kichwa, kumbe saa imeshapita. Kipya kilichonipagawisha ni hiki: kila kipande cha kazi kina kengele 2, ya kuingilia na ya kutokea, na kila kengele ina maneno. Ya kuingilia inanitajia hatua ya kwanza ya mkono. Ya kutokea inanidai hatua itakayofuata.

Nimetumia saa ya kawaida ya simu, ile ya kuamkia, ambayo kila kengele yake ina sehemu ya kuandika jina. Nilijaribu kalenda kwanza. Kalenda yangu hukumbusha kabla ya jambo kuanza au linapoanza, likiisha, kimya. Tena kwenye simu nyingi, ukizima usumbufu, taarifa za kalenda nazo zinanyamazishwa, wakati kengele ya saa inalia kama kawaida usipoizuia. Kwa fundi anayetaka meseji zikae kimya lakini kengele isikike, hapo hakuna mjadala. Nikachagua milio 2 tofauti kabisa, na mtetemo juu yake, maana mashine ikikimbia sikio halisikii kitu ila paja linasikia.

Anayeanza leo aangalie hapa: saa yetu na saa ya simu zimepishana kwa saa 6. Usiku wa kwanza niliweka 3:00 kama ninavyoitamka, ikalia saa 9 usiku na nyumba nzima ikaamka. Sasa simu yangu inaonesha saa 24, na hesabu imekuwa nyepesi ajabu. Kuanzia saa 1 asubuhi hadi saa 12 jioni unaongeza 6 tu. Saa 3 asubuhi inakuwa 09:00, saa 10 jioni inakuwa 16:00. Basi!

Lakini utamu wote uko kwenye kengele ya kutokea, nami karibu niukose. Siku ya kwanza niliiandika "Muda umeisha" na kuiweka mwisho kabisa wa kipande. Ikalia nikiwa katikati ya mshono wa ubavu. Nikaizima, nikaendelea, nikaingia kwenye muda wa kazi nyingine, na nilipoacha nilikuwa nimechoka hata kukunja kitambaa. Siku ya pili nikairudisha nyuma dakika 5 na kubadilisha maneno: "Maliza mshono huu tu. Andika hatua ijayo." Mambo yakageuka papo hapo! Dakika 5 zinatosha kufika mwisho wa mshono, kukata uzi, kuweka kipande mahali pake, kisha kufungua kengele ya kuingilia inayofuata na kuiandika upya.

Chukueni kipande cha jana cha saa 4:15 hadi 5:05. Gauni la kitenge, lina kola. Kengele ya kuingilia ilisema: "Gamstifu ipo chini ya mkasi. Ibandike kola ya juu, pasi ya moto wa kati." Nikabandika, nikageuza kola, nikapiga mshono wa juu. Saa 5:00 ikalia ya kutokea. Nikamaliza upande niliokuwa nao, nikaandika kwenye kengele ya saa 10:00 jioni: "Kola tayari, ipo kwenye msumari. Tafuta kati ya shingo ya nyuma, weka alama ya chaki." Kati ya hapo na saa 10 nimepima wateja 3, nimekula, nimebishana bei ya suruali. Jioni ilipolia, chaki ilikuwa mkononi kabla sijakaa.

Ningeandika "Endelea na gauni", nisingefika popote, kwa sababu hilo ni jina la kazi tu na mkono hauambiwi ushike nini. Kipimo changu ni rahisi: ukizima kengele ukasimama unatazama meza, maneno yako ni mabovu. Na ukijikuta unaiahirisha mara 2 mfululizo, mara nyingi hatua uliyoandika ni kubwa mno. Ikate, andika nusu yake.

Kuna mtafiti, Sophie Leroy, aliyeandika mwaka 2009 kuhusu mabaki ya mawazo: ukiiacha kazi haijaisha, sehemu ya akili inabaki kule kule ulikotoka, na kazi mpya inapewa akili pungufu. Mwaka 2018, yeye na Theresa Glomb wakaonesha kwamba mtu aliyekatizwa, akiandika kwa ufupi amefika wapi na akirudi atafanya nini, mabaki hayo yanapungua. Niliposoma hayo niliruka! Maana mteja wangu haulizi kama niko ndani ya kipande.

Juzi alifika mama mmoja katikati ya mkono wa kulia. Nikasema, "Shikamoo mama, karibu ukae," nikachukua chaki, nikaandika kwenye kitambaa cha mabaki: "imebaki kwapa, rudisha nyuma mishono 3." Ndipo nikamgeukia.

"Marahaba fundi. Gauni langu limefika wapi?"

Nikamjibu nikimtazama usoni, bila kuchungulia mashine. Aliondoka, nikasoma chaki, nikaendelea kwapani.

Si kila saa inakubali kufungwa hivi. Nina vipande 3 tu kwa siku, vya dakika 50, na katikati nimeacha nafasi ya watu. Siku ya Kariakoo sipangi kipande baada ya safari: mwendokasi kutoka Ubungo Maji naujua unapoondoka, foleni ya kurudi siijui. Umeme nao ukikatika pasi inalala, kwa hiyo kila kengele ya kuingilia sasa ina neno la akiba mwishoni, "giza: vifungo", na nikikosa pasi nakaa mlangoni na sindano. Adhuhuri sijaiwekea kengele kabisa. Adhana ya msikiti wa jirani inalifunga lile pengo kuliko simu yoyote, nami nimepanga vipande pande zake 2.

Gauni la kitenge linachukuliwa kesho kutwa. Dakika hii kengele ya kutokea imeshalia na nimeshaandika ya kesho saa 3:00: "Zipu ya inchi 22 ipo kwenye kopo la vifungo. Badilisha mguu wa mashine, anzia juu."