Ng'ombe Mmoja au Wengi? Utata wa Pengo katika Mazoezi ya Upatanisho wa Kisarufi

Zoezi la kujaza viambishi vya upatanisho hutegemea dhana kwamba nomino iliyotangulia pengo inamwelekeza mwanafunzi kwenye jibu moja tu. Nomino za viumbe hai zenye umbo la ngeli ya I-ZI zinaikanusha dhana hiyo. Tuchukue sentensi ambayo mwalimu yeyote wa Arusha angeweza kuitunga: Ng'ombe ___angu ___kubwa ___mepotea. Majibu sahihi ni mawili: Ng'ombe wangu mkubwa amepotea, na Ng'ombe wangu wakubwa wamepotea. Nomino haina alama ya idadi. Kimilikishi nacho hakisaidii, kwa kuwa katika ngeli ya A-WA umoja na wingi huishia kwenye wangu ileile. Mwongozo wa majibu unaotoa jibu moja humwadhibu mwanafunzi aliyefikiri sawasawa.

Miteremkoni mwa Mlima Meru jambo hili si dogo. Waarusha husema Kimaa, lugha ambayo kiambishi cha nomino yenyewe hutenga umoja na wingi: enkiteng ni ng'ombe mmoja, inkishu ni wengi. Msemaji wa Kimaa anayesita mbele ya pengo letu huenda ngeli anaijua vizuri; anachokikosa ni idadi, ambayo mtunzi alikuwa nayo kichwani na hakuiandika.

Neno rafiki lina ugumu zaidi. Rafiki ___angu ___zuri ___mefika Usa River hujazwa yangu, mzuri, amefika kwa umoja. Zangu, wazuri, wamefika kwa wingi. Kimilikishi kinafuata umbo la nomino, ilhali kivumishi na kitenzi vinafuata uhai wa anayetajwa. Mwanafunzi aliyezoea ng'ombe wangu ataandika rafiki wangu mzuri amefika: ameutanua uhai hadi mahali usipotawala. Mwingine ataandika rafiki yangu nzuri imefika. Huyu hajautambua uhai kabisa, na yangu yake, ingawa ni sahihi, haithibitishi chochote. Kwa hiyo kusahihisha pengo mojamoja na kujumlisha alama kunaficha chanzo cha kosa. Mapengo matatu yasomwe kama mnyororo mmoja. (Kwamba ng'ombe zangu nayo husikika sana mitaani ni sababu nyingine ya kutoharakisha kalamu nyekundu.)

Tiba ya utata wa idadi ni nyepesi: Ng'ombe ___angu ___kubwa ___tatu ___mepotea. Shina -tatu linadai wingi bila kufichua ngeli, na kiambishi chake kinabaki kazi ya mwanafunzi: wangu, wakubwa, watatu, wamepotea. Kwa umoja, -moja hufanya kazi hiyohiyo. Mtunzi asiyetaka pengo la nne atumie sita, saba au tisa, ambazo hazipokei kiambishi; sita ikishaandikwa, wakubwa na wamepotea ndiyo majibu pekee, na rafiki hulazimika kuwa zangu.