Swali la Nne Lilisema "Tathmini", Mwongozo Ukasoma "Orodhesha"

Mliofanya moko wa stashahada ya masoko mwaka huu, na ninyi mliousahihisha, swali la nne mnalikumbuka. Kiwanda kidogo cha mtindi kinataka kuingia soko la Dodoma. Washindani wanauza pakiti ya nusu lita shilingi 1,800. Chenyewe kinataka kuanza na 1,400. Kutengeneza pakiti moja na kuifikisha dukani kunagharimu 1,100. Gharama za kudumu ni milioni 30 kwa mwezi, na mashine iliyopo haitoi zaidi ya pakiti 80,000 kwa mwezi. Mashine ya pili, ikinunuliwa, itafikisha uwezo kuwa pakiti 120,000 na gharama za kudumu kuwa milioni 33. Kisha sehemu (a): tathmini uamuzi wa kampuni wa kutumia bei ya kupenya soko, alama 20.

Aliyetunga swali hili alifanya kazi safi. Aliyeandika mwongozo wa usahihishaji aliliua. Mwongozo unataka faida tano za bei ya kupenya na hasara tano, kila hoja alama mbili. Takwimu za kiwanda hazitajwi popote. Hitimisho halina hata nusu alama. Yaani mtahiniwa angeweza kuruka habari yote ya mtindi, akamwaga hoja kumi alizokariri tangu muhula wa kwanza, akaondoka na 20 kwa 20. Na wapo walioondoka nazo.

Tuhesabu kidogo, maana swali lilitaka tuhesabu. Kwa bei ya 1,400, kila pakiti inabakiza shilingi 300 za kulipia gharama za kudumu. Milioni 30 ukigawa kwa 300 unapata pakiti 100,000. Mashine inatoa 80,000. Kwa hiyo hata kama Dodoma nzima ingepanga foleni, na kila pakiti ikauzwa siku ileile, kiwanda kingebakiza milioni 24 za kulipia gharama hizo na kupoteza milioni sita kila mwezi. Kasoro hii haimo kwenye orodha yoyote ya hasara za bei ya kupenya, kwa sababu ni ya kiwanda hiki peke yake. Bei ya kupenya huishi kwa wingi wa mauzo, na wingi huo hapa haupo.

Kuna mtahiniwa aliyeliona hilo. Nilisoma karatasi yake. Ukurasa mmoja na robo, hesabu imepangwa vizuri, na mwisho ameandika kwamba uamuzi si sahihi kwa sasa, ila unaweza kufikiriwa upya mashine ya pili ikifungwa, kwa kuwa hapo zitahitajika pakiti 110,000 na uwezo utakuwa 120,000. Akaongeza kwamba nafasi hiyo ni finyu, kwani mtindi hauwezi kulimbikizwa ghalani kungoja mteja. Msahihishaji, akifuata mwongozo, alimpa alama mbili kwa hoja ya "faida kuwa ndogo". Sitamlaumu msahihishaji, maana kwenye chumba cha kusahihishia mwongozo ndio sheria. Lawama ni ya jopo lililoupitisha.

Nimeshaandika hapa kuhusu ugonjwa wa hoja kumi, na kuna wenzangu wamechoka kunisikia. Wavumilie. Joel Dean alipoeleza bei ya kupenya mwaka 1950, hakuacha orodha ya faida na hasara. Aliacha masharti: wanunuzi wawe wepesi kuitikia bei, gharama kwa kila kipande zishuke uzalishaji unapokua, ushindani mkali uwe mlangoni, na pasiwe na kundi la kutosha la wateja walio tayari kulipa bei ya juu. Masharti ya namna hiyo ndiyo vipimo. Mwalimu wa zamani alikuwa akikupa masharti, halafu anakupa kiwanda, anakaa kimya. Siku hizi tunawapa vijana faida tano na hasara tano, na kila mlango wa stashonari karibu na chuo unaziuza zikiwa zimefungwa kwa pini.

"Tathmini" inaanza na vipimo. Mtahiniwa achague viwili au vitatu vinavyoamua jambo, avipitishe kwenye habari aliyopewa, kisha aseme kipi kina uzito kuliko kingine na kwa nini. Kwenye swali hili, wanunuzi wa mtindi kuitikia bei ni hoja nzuri, lakini inazidiwa na uwezo wa mashine. Mahitaji yakipanda wakati huna cha kuuza, unawafungulia njia washindani. Jibu linafungwa kwa hukumu yenye sharti lake. Jibu la tathmini lisilo na hukumu halijakamilika, hata likiwa na kurasa nne. Ningegawa alama hivi: nne kwa kuielewa mbinu, nne kwa kutumia takwimu, sita kwa kupima, sita kwa hukumu.

"Jadili" lingekuwa swali jingine kabisa. Hapo mwongozo wa pande mbili ungekaribia kusameheka, kwa kuwa mjadala unataka mada ichimbwe kutoka upande zaidi ya mmoja. Lakini hata kwenye mjadala hoja lazima zijibizane. Ukisema bei ya chini huwaleta wateja haraka, aya inayofuata iulize kama watabaki bei ikipanda kutoka 1,400, sio iruke kwenda kwenye matangazo. Tofauti na tathmini ni kwamba mjadala waweza kuishia kwenye kueleza jambo linategemea nini, bila kulazimika kukiambia kiwanda kifanye nini Jumatatu.

Sehemu (b) ilisema: pendekeza bei na utetee pendekezo lako, alama 10. Mwongozo wake ni mzuri, sina neno.

Ila watahiniwa wengi waliiharibu wenyewe. "Tetea" inageuza mpangilio juu chini: msimamo unatangulia, ushahidi unafuata. Wengi walianza tena na faida na hasara za kila bei, wakafika kwenye pendekezo muda umekwisha. Jibu fupi lingesema: bei iwe 1,600. Inabakiza 500 kwa pakiti, kwa hiyo gharama za kudumu zinafidiwa kwenye pakiti 60,000, robo tatu ya uwezo wa mashine, na bado mteja anaokoa shilingi 200. Kisha jibu likabili bei nyingine. Ile ya 1,400 inazaa hasara hata mashine ikijaa. Ya 1,800 inahitaji pakiti 43,000 hivi tu, na ndiyo pingamizi zito, lakini kampuni isiyojulikana haimpi mteja sababu ya kuacha mtindi aliouzoea. Anayetetea halazimiki kugawa nafasi sawa kwa kila upande, ila pingamizi kubwa kuliko yote halikimbiwi. Anayetaka 1,800 naye angepata alama zote, mradi aonyeshe kitakachomvuta mteja huyo.

Karatasi bado ziko chuoni na matokeo hayajabandikwa. Jopo lifute mwongozo wa sehemu (a), liandike mwingine unaolipia vipimo na hukumu, na swali la nne lisahihishwe upya.