Sahihi Isiyomtaja Msomaji

Nyaraka za Amazon zinazoeleza S3, huduma yake ya kuhifadhi faili, zina mfano wa anwani iliyotiwa sahihi. Ghala linalotajwa ni la kubuni na ufunguo wake haufungui chochote, lakini umbo lake ndilo lile lile linalotumiwa na dashibodi nyingi kumfikishia mtazamaji faili iliyofungiwa. Ninauchukua kama matini ya kusomwa, neno kwa neno. Nimeukata mistari ili macho yapate pa kushika:

```
https://examplebucket.s3.amazonaws.com/test.txt
?X-Amz-Algorithm=AWS4-HMAC-SHA256
&X-Amz-Credential=AKIAIOSFODNN7EXAMPLE%2F20130524
  %2Fus-east-1%2Fs3%2Faws4_request
&X-Amz-Date=20130524T000000Z
&X-Amz-Expires=86400
&X-Amz-SignedHeaders=host
&X-Amz-Signature=aeeed9bbccd4d02ee5c0109b86d86835
  f995330da4c031957d157751f604d404
```

Mstari wa kwanza ni mahali na jina la faili, basi. Matini ingeishia hapo, ghala lililofungwa lingemkatalia kila mgeni. Yote yanayofuata alama ya kuuliza ni hoja za kumshawishi bawabu, na hoja nzito ya kwanza ni ya utambulisho. `X-Amz-Credential` inamtaja aliyetia sahihi kwa jina la ufunguo wake, kisha siku, eneo la seva na huduma. Ufunguo wa siri wenyewe haumo. Umetumika kukokotoa sahihi ukabaki nyumbani, kwa hiyo anayeipokea anwani hawezi kujitengenezea nyingine.

Tarehe na muda husomwa pamoja. Anwani ilizaliwa tarehe 24 Mei 2013, saa sita kamili usiku kwa saa za dunia, yaani saa tisa usiku Nairobi na Dar es Salaam, na ilipewa sekunde 86400, siku moja. Mtindo huu wa sahihi hauruhusu zaidi ya sekunde 604800, ambazo ni siku 7. Hata hivyo mstari wa muda unaweza kuahidi zaidi ya uwezo wake: aliyetia sahihi akiwa ametumia ufunguo wa muda mfupi, anwani hufa pamoja na ufunguo huo, hata kama maandishi bado yanadai ina siku kadhaa. Anayelalamika kwamba kiungo cha siku 7 kimekufa baada ya saa chache, mara nyingi amekutana na jambo hili.

Mwishoni kuna tarakimu na herufi 64. Sahihi hii imekokotolewa juu ya kila kilichotangulia, pamoja na kitendo chenyewe, kwamba ni kusoma faili wala si kuiandika. Badilisha 86400 iwe 90000, au jina la faili kwa herufi moja, na seva itajibu `SignatureDoesNotMatch`. Muda ukiwa umepita, jibu ni `AccessDenied` lenye maneno `Request has expired`. Kwa majibu hayo mawili fundi anatofautisha anwani iliyochezewa na iliyozeeka.

Nimeuacha makusudi mstari mmoja mfupi, `SignedHeaders=host`. Hapa matini inaorodhesha ni sifa zipi za ombi zimefungwa na sahihi, na orodha ina jina moja tu, la seva inayoombwa. Hakuna kuki, hakuna jina la mtumiaji, hakuna kifaa. Mwandishi wa hati anajulikana, kitu kinachoombwa kinajulikana, saa inajulikana hadi sekunde, na msomaji hatajwi popote. Ni kama hundi isiyoandikwa jina la mlipwaji: aliyeishika ndiye mwenyewe. Pengo hili linatokana na umbo lenyewe, na mpangaji wa dashibodi asipoliona ataitegemea sahihi kwa kazi isiyoifanya.

Tuchukulie dashibodi ya akiba ya dawa wilayani. Ukurasa wake unakaa kwenye kiungo cha siri chenye mfuatano mrefu wa herufi za nasibu. Kukibahatisha haiwezekani kivitendo, ila viungo vya namna hii havipotei kwa kubahatishwa. Vinasambazwa kwenye vikundi vya WhatsApp, na vinabaki kwenye historia ya kivinjari cha kompyuta ya ofisi. Kila usiku saa nane programu inaandika upya faili moja, `dawa.json`. Mtu anapofungua ukurasa, seva inamtilia sahihi anwani mpya ya dakika 5.

Dakika 5 zinasikika kuwa kali. Sasa mfamasia amehamishwa wilaya, na kiungo cha ukurasa bado kiko kwenye simu yake. Anwani aliyopewa jana imekufa, naye haihitaji. Anafungua ukurasa ule ule na seva inamtilia nyingine, leo, kesho na mwakani. Muda mfupi umeibana anwani bila kumbana mtu. Mlango halisi ni ile seva inayotia sahihi, na swali la nani anaweza kuchukua faili mpya linajibiwa pale pale: ikiwa inatia sahihi kwa yeyote mwenye kiungo, basi dashibodi nzima ina usiri wa kiungo hicho, hauzidi. Dawa yake ni kumtaka mtu aingie kwa jina lake, na kulinganisha jina na orodha ya watumishi wa sasa kila mara kabla ya kutia sahihi. Kulinganisha siku ya kwanza tu hakutoshi.

Kuna kosa la pili, nalo ninaliona baya zaidi kwa sababu halionekani. Jumatatu saa mbili asubuhi mtu anatia sahihi anwani ya siku 7 ya `dawa.json` na kuituma nje ya ofisi, akidhani ametuma ripoti ya siku hiyo. Rudi kwenye mstari wa kwanza wa matini: sahihi imefunga jina la faili, haikufunga yaliyomo. Faili inaandikwa upya kila usiku kwa jina lile lile. Hadi Jumatatu inayofuata asubuhi, mpokeaji ameweza kuchukua matoleo 7 ambayo hayakuwepo wakati sahihi inatiwa. Kilichotumwa kilikuwa usajili wa wiki nzima. Ripoti ya siku moja iandikwe kwa jina lake, mfano `dawa-2025-03-03.json`. Au, kama ghala linatunza matoleo, `versionId` iingizwe ndani ya anwani kabla ya kutiwa sahihi.

Anwani ikishatoka, hakuna njia ya kuirudisha peke yake. S3 huangalia ruhusa za mtia sahihi ombi linapofika, hivyo kumnyang'anya ruhusa au kuzima ufunguo wake kunaua anwani hiyo, pamoja na zote alizotia sahihi kwa ufunguo huo. Ndiyo maana dashibodi ipewe ufunguo wake wenyewe, wenye ruhusa ya kusoma folda moja. Kanuni za ghala nazo zinaweza kukataa sahihi iliyozeeka kwa sharti la `s3:signatureAge`, linalohesabiwa kwa milisekunde: 600000 ni dakika 10, hata kama anwani yenyewe inadai siku 7.

Pengo la msomaji linaendelea hadi kwenye kumbukumbu za ghala. Zinaandika anwani ya mtandao iliyoomba, lakini kwenye nafasi ya mwombaji linakaa jina la mtia sahihi, yaani dashibodi yenyewe, usiku kucha na mchana kutwa. Atakayeulizwa nani alisoma akiba ya dawa Jumanne hatapata jina hapo. Jina hilo liandikwe na seva ya ukurasa, katika sekunde ile ile inayotia sahihi, pamoja na faili iliyotolewa na muda uliopewa.