Mkaguzi Haanzi na Faili la Majaribio

Mkaguzi wa mifumo anapoingia benki, jambo la kwanza kukabidhiwa huwa faili la majaribio: fomu zilizosainiwa, picha za skrini, jedwali lenye safu ndefu ya "amefaulu". Aliyezoea kazi hii hulipokea kwa heshima, akaliweka kando. Kisha huomba orodha ya mabadiliko yote yaliyoingizwa mwaka huo kwenye mfumo unaohudumia wateja, tena itolewe mfumoni yeye akiwa anatazama. Faili humwonyesha yale ambayo benki iliyajaribu na kuyahifadhi. Orodha humwonyesha yale yaliyobadilika. Akianzia kwenye faili, badiliko lililopenya bila kujaribiwa hataliona kamwe, kwa sababu halina karatasi.

Kutoka kwenye orodha hiyo huchagua mabadiliko machache, akarudi nyuma hatua kwa hatua: nani aliliomba badiliko, lilitakiwa lifanye nini, lilijaribiwaje, nani aliridhia, na nani aliliingiza. Ushahidi wa majaribio hupimwa kwenye safari hiyo ya kurudi nyuma.

Tuchukue mfano wa kubuni wenye mazingira halisi. Mchimbaji mdogo wa wilayani Chato ameuza dhahabu yenye thamani ya shilingi 12,000,000. Anadaiwa mrabaha wa asilimia 6 na ada ya ukaguzi ya asilimia 1, jumla shilingi 840,000. Tangu mwaka 2017 malipo ya Serikali yamekuwa yakiingia kwenye mfumo wa GePG, ambao humpa mlipaji namba ya kumbukumbu, ile ambayo wengi huiita kontrol namba. Mteja anaipeleka kwa wakala wa benki Buseresere. Wakala anabonyeza, fedha zinakatwa, mara mtandao unakatika kabla jibu halijarudi. Skrini inasema muamala umeshindikana. Wakala anabonyeza tena.

Benki imefanya badiliko ili ombi la pili litambuliwe kuwa ni lilelile la kwanza, mteja asikatwe mara mbili. Mkaguzi amelichagua badiliko hilo. Anataka kuona nini?

Kwanza, hitaji lililoandikwa kabla ya jaribio: kontrol namba moja, kiasi kimoja, kukatwa mara moja, stakabadhi moja. Matokeo yanayotarajiwa yakiandikwa baada ya jaribio, hayawezi kushindwa. Chochote kilichotokea ndicho kitakachoitwa sahihi. Kwa hiyo mkaguzi hutazama tarehe ambayo hati ya jaribio iliidhinishwa na kuilinganisha na tarehe ya jaribio lenyewe.

Pili, jaribio lenye maelezo ya kutosha kurudiwa na mtu mwingine: toleo gani la programu, seva ipi, akaunti ipi ya majaribio, na mtandao ulikatwaje. Kiwango cha kimataifa cha ukaguzi, ISA 230, humtaka mkaguzi aandike kazi yake kiasi kwamba mkaguzi mzoefu asiyehusika na kazi hiyo aweze kuielewa. Ni kipimo kilichowekwa kwa karatasi za mkaguzi mwenyewe, lakini ndicho anachokuja nacho kichwani anapofungua za benki. "Tulijaribu kukata mtandao, ikafanya kazi" ni sentensi asiyoweza kuirudia mtu yeyote.

Tatu, matokeo yaliyoandikwa na mfumo wenyewe. Hapa picha ya skrini huwa dhaifu. Picha yenye maneno "malipo yamekamilika" haisemi ilipigwa kwenye mfumo wa majaribio au mwingine, toleo lipi, wala lini. Tena kwa jaribio letu haijibu swali lenyewe, kwani skrini ya wakala haionyeshi akaunti imekatwa mara ngapi. Kumbukumbu za mfumo ndizo zinazojibu:

```
2025-03-11T10:42:07+03:00 REQ     ref=A1 amt=840000
2025-03-11T10:42:08+03:00 DEBIT   ref=A1 OK
2025-03-11T10:42:38+03:00 TIMEOUT ref=A1
2025-03-11T10:43:15+03:00 REQ     ref=A1 DUPLICATE
```

Ombi la kwanza lilikata fedha, jibu likachelewa kwa sekunde 30, ombi la pili likakataliwa kwa kuwa ni marudio. Mstari wa `DEBIT` ni mmoja tu. Mkaguzi ataongeza taarifa ya akaunti ya majaribio, ili neno la mfumo mmoja lithibitishwe na la mwingine.

Nne, idhini. Tuseme fomu ya kuridhia imesainiwa tarehe hiyohiyo saa 4:05 asubuhi. Kumbukumbu zinasema jaribio lilianza saa 4:42. Basi aliyesaini aliridhia jambo ambalo lilikuwa bado halijatokea. Jaribio lenyewe lilifaulu na programu ni nzima, lakini udhibiti umeanguka, na udhibiti ndio mkaguzi anaoupima. Hali huwa hivyohivyo mwandishi wa programu anapokuwa ndiye aliyeijaribu, akairidhia na kuiingiza.

Jambo jingine humtia mkaguzi shaka: faili lisilo na jaribio hata moja lililoshindwa. Kazi halisi huacha makovu. Ushahidi wenye nguvu huonyesha jaribio lililoanguka, kasoro iliyopewa namba, marekebisho, kisha jaribio lilelile likirudiwa kwenye toleo jipya. Wanaofuta majaribio yaliyoshindwa ili faili lipendeze huwa wanafuta sehemu inayothibitisha kwamba kuna mtu alijaribu kwa dhati.

Hata mnyororo huo ukikamilika, una mpaka wake: unathibitisha kilichojaribiwa, pale kilipojaribiwa. Benki ya TSB ya Uingereza ilijifunza hilo Aprili 2018 ilipohamishia wateja wake kama milioni 5.2 kwenye mfumo mpya. Mfumo ulijengwa juu ya vituo viwili vya data vilivyotakiwa kufanya kazi pamoja, lakini majaribio ya kuhimili mzigo yalifanyika kwenye kimoja tu. Vituo hivyo havikuwa vimepangwa sawasawa, na wateja wengi wakafungiwa nje ya akaunti zao. Desemba 2022 wasimamizi waliitoza benki faini ya pauni milioni 48.65. Mwaka uliofuata aliyekuwa mkuu wake wa teknolojia alitozwa yeye binafsi pauni 81,620, kwa sababu hakuhakiki vya kutosha kama mtoa huduma alikuwa tayari.

Kwa hiyo sehemu ya hati ambayo mkaguzi huisoma polepole kuliko zote ni ile inayotaja kisichojaribiwa: kwa nini kiliachwa, hatari yake ni ipi, na nani mwenye mamlaka aliikubali. Katika mfano wetu, benki huenda ilijaribu mashine ya wakala lakini si programu ya simu inayofanya malipo yaleyale. Likiandikwa na kukubaliwa, hilo ni uamuzi wa uongozi. Likinyamaziwa, ni pengo, na mkaguzi atalitaja kwa jina hilo kwenye barua yake kwa menejimenti.

Mnyororo ukikatika, gharama huhamia mahali pengine. Mkaguzi asiyeweza kuutegemea udhibiti wa mabadiliko huacha kuamini kwamba mfumo ulihesabu sawasawa mwaka mzima, akashuka kwenye miamala yenyewe. Hapo benki itatakiwa kutoa malipo ya mawakala yaliyorudiwa ndani ya dakika chache, kuyalinganisha na stakabadhi za GePG, na kueleza kila tofauti, moja baada ya nyingine. Hiyo ni kazi ya wiki kadhaa, inayofanywa kwa sababu fomu moja ilisainiwa dakika 37 kabla ya wakati wake.