Sentensi ya Pumzi Moja

Skripti ya video ya kutuliza mwili, ikiandikwa na mtu anayeijua kazi hii, ina weupe mwingi kuliko wino. Katika dakika 10 za video, maneno hayafiki nusu. Nafasi iliyobaki ni ukimya, na ukimya huo nao umeandikwa: mkwaju mmoja kwa kituo kifupi, mikwaju miwili kwa pumzi nzima, na mabano yenye idadi ya sekunde pale msikilizaji anapoachiwa afanye kazi yake. Ninaupenda ufundi huu kwa sababu mwandishi anaandika kwa ajili ya mapafu ya watu wawili wasioonana, msomaji aliye studio na msikilizaji aliyejilaza kwake.

Chukua mtindo unaotumika sana, ule wa kukaza msuli kisha kuuachia. Aliyeuanzisha ni daktari Edmund Jacobson wa Chicago, aliyetoa kitabu chake kikubwa juu ya jambo hilo mwaka 1929. Mwaka 1973 Douglas Bernstein na Thomas Borkovec waliufupisha katika mwongozo wao. Waligawa mwili katika mafungu 16 ya misuli: kila fungu hukazwa kwa sekunde 5 hadi 7, kisha huachwa lilegee kwa sekunde 30 hadi 40. Mtu akishazoea, mafungu hupunguzwa hadi 7, na baadaye 4, yaani mikono, uso na shingo, kiwiliwili, na miguu. Kwa video ya dakika 10 hayo 4 yanatosha. Kila fungu likirudiwa mara mbili, na kila mzunguko ukichukua kama sekunde 45, zimekwenda dakika 6. Zinazobaki ni za kumpokea msikilizaji na za kumwamsha.

Sasa tuingie kwenye sentensi. Mtu aliyetulia na kupumua polepole, mara 6 kwa dakika, ana sekunde 10 za kuvuta na kutoa. Tumpe 4 za kuvuta na 6 za kutoa, kwa kuwa moyo hupunguza kasi kidogo wakati hewa inatoka, na ndiyo sababu pumzi ya kutoa hurefushwa. Sentensi nzuri huisha ndani ya sekunde 4 au 5. Kwa usomaji wa taratibu, silabi 3 kwa sekunde, hizo ni silabi 12 hadi 15. Kiswahili hupimwa kwa silabi, maana kuhesabu maneno kutakudanganya: “zitakapokuwa zimelegea” ni maneno mawili tu, lakini yana silabi 11 na yanakula karibu pumzi yote.

Tazama sentensi ya aina hii, ambayo mwandishi anayeanza huiandika kwa nia njema kabisa:

Sasa tafadhali kunja ngumi ya mkono wako wa kulia kwa nguvu kiasi huku ukihisi jinsi misuli ya kiganja na kigasha inavyokaza.

Zihesabu: silabi 50. Msomaji atalazimika kuiba hewa katikati, na kipaza sauti kitainasa pumzi hiyo ya haraka. Msikilizaji ataumia zaidi. Alikunja ngumi aliposikia “kunja ngumi”, na bado anasubiri aambiwe ni mkono upi na kwa nguvu gani. Amebana ngumi, na bila kujua amebana na pumzi. Mahali palipokusudiwa kumlegeza pamemkaza. Fundi huipasua hivi:

Leta mawazo kwenye mkono wa kulia. //
Kunja ngumi, / taratibu. /
Kaza kiasi, / isiume. [kimya, sekunde 5]
Achia. [kimya, sekunde 10]
Vidole vinafunguka vyenyewe. [kimya, sekunde 10]
Mkono unalala. [kimya, sekunde 10]

Mpangilio wake una sababu. Kiungo hutajwa kwanza, kitendo baadaye, ili mwili usianze kabla ya kujua pa kwenda. “Isiume” imetangulia ukimya wa kukaza, kwa sababu onyo likija baada ya sekunde 5 limechelewa. Kwenye miguu onyo hilo lina uzito zaidi: nyayo na mashavu ya miguu yakikazwa sana hushikwa na mkakamao, na mtu aliyekuwa anasinzia ataruka kitandani. “Achia” imesimama peke yake, silabi 3, na hakuna neno lolote linaloisukuma. Kisha vitenzi vyenyewe vinabadilika. Mistari ya mwanzo humwagiza mtu: leta, kunja, kaza, achia. Baada ya hapo vidole vinafunguka na mkono unalala, na yeye hana tena la kufanya. Kiswahili kimebarikiwa hapa, kina “legeza” ya mtendaji na “legea” ya jambo linalotokea lenyewe. Mwandishi hodari huanza na ya kwanza, akamfikisha msikilizaji kwenye ya pili.

Zile sekunde 30 ndizo zinazowashinda wengi. Zikitazamwa kwenye karatasi zinaonekana kama uzembe, na mkono unawasha kuzijaza: bahari, upepo, mawingu meupe. Lakini msikilizaji anatakiwa atambue tofauti kati ya msuli uliokazwa na ulioachiwa, na utambuzi huo unahitaji muda usio na maneno. Kila sentensi unayoongeza inamtoa mkononi na kumrudisha masikioni.

Alama lazima pia zimweleze msomaji kituo ni cha nani. Mkwaju ni wake, avute hewa. Mabano ni ya msikilizaji, na hapo wasomaji bora ninaowajua hukunja ngumi wao pia, palepale kwenye kiti cha studio, wakaachia naye. Sauti inayotoka baada ya hapo huwa imeshuka kweli, haikuigizwa. Mhariri wa sauti akirefusha ukimya, hutumia sauti ya chumba kile kile kikiwa kitupu, iliyorekodiwa kwa kama nusu dakika kabla ya kazi. Akiweka ukimya mkavu usio na chochote, anayesikiliza kwa vidude vya masikioni atadhani simu imezima, na atafumbua macho.

Kuna pia suala la herufi P. “Pumua” na “pumzi” ndizo zinazokuja kwanza kichwani, na zote mbili hupiga kipaza sauti kwa mfyatuko wa hewa. Kichujio husaidia, kukigeuza kipaza sauti pembeni kidogo husaidia zaidi, lakini “vuta hewa” na “iache itoke” huondoa tatizo tangu kwenye karatasi. Tena usimwongoze mtu pumzi kwa muda mrefu. Mizunguko mitatu inatosha, kisha mwambie apumue apendavyo. Wapo wanaovuta kwa nguvu mno ili kuifuata sauti, wakaishia na kizunguzungu. Na kufumba macho kuwe hiari, maana si kila mtu huona usalama gizani.

Skripti ikiisha, ipime kwa mwili. Lala chali, isome kwa sauti, ukifanya kila inachoagiza. Halafu msomee mtu mwingine na umtazame mabega na kifua. Mabega yakipanda, au akishusha pumzi ghafla mwishoni mwa mstari, sentensi hiyo ilikuwa ndefu na alikuwa akiisubiri iishe. Weka alama pale pale alipokwama, ukate, umsomee tena. Na sentensi ya kwanza kabisa ya video, kabla ya muziki, iwe hii: usisikilize ukiwa unaendesha gari.