Somo Anapopima Mafuta ya Karafuu

Napenda kumtazama somo wa Zanzibar anayeijua kazi yake akipima mafuta mapya ya bibi harusi. Mafuta ya karafuu yamejaa yujenoli, na hiyo ndiyo iletayo ile harufu kali. Ndiyo pia iwezayo kuichoma ngozi au kuiamshia mzio. Kwa hiyo hayapaki yenyewe matupu, hata kwa kujaribu. Katika mililita 100 za mafuta ya nazi anatia nusu mililita tu, karibu matone 10, kisha anakoroga mpaka yachanganyike vizuri.

Halafu anashika mkono wa mwari. Upande wa ndani, chini kidogo ya kiwiko, anapaka duara la ukubwa wa sarafu, na kulizungushia alama ya kalamu. Mkono wa pili anapaka mafuta ya nazi peke yake. Hapo ndipo ninapovutiwa zaidi, maana mikono yote miwili ikiwasha, karafuu haitalaumiwa bure. Anapaka asubuhi na jioni, mahali palepale, kwa siku 7 hadi 10, na mwari haanzi sabuni wala losheni nyingine mpya.

Kwa nini siku zote hizo? Mwako unaokuja mara tu baada ya kupaka, ukabaki ndani ya duara na kupoa baada ya kuoshwa, kwa kawaida ni ukali wa mafuta tu. Mzio wa ngozi huchelewa. Mara nyingi hujitokeza siku ya pili hadi ya nne, wakati mwingine baadaye zaidi. Huwasha kuliko kuchoma, huvuka mstari wa kalamu, na huweza kuzidi hata baada ya kuacha kupaka.

Kwenye ngozi nyeusi usingoje wekundu. Somo hufumba macho, akapitisha ncha ya kidole: anatafuta vipele vidogo, joto, ugumu kidogo. Ndipo anapotazama kama pameiva rangi ya zambarau au pameingia weusi. Akihisi chochote, anaosha kwa maji na sabuni isiyo na manukato, na mchanganyiko ule haurudi tena kwa mwari huyo. Malengelenge yakitoka, wanakwenda kwa daktari. Midomo au macho yakivimba, au pumzi ikibana, ni hospitali saa hiyohiyo.

Duara likibaki safi, mafuta yanafaa kwa sasa, si kwa maisha, kwani mtu huweza kupata mzio wa kitu alichokitumia miaka mingi.

Basi wewe unayeolewa, mpe somo wako mkono wiki tatu kabla ya harusi, usimngojee siku ya singo.